Mwongozo mnene wa kutoka damu baada ya kujifungua, karatasi moja ya ukutani kwa manesi wa wodi: naomba jicho lenu

MkungaWaUsiku

Wakuu, habari za jukwaani. Nimepewa kazi ya kufupisha mwongozo mpya wa matibabu ya mama anayetoka damu nyingi baada ya kujifungua. Ni ule wa Shirika la Afya Duniani wa 2025, waliotoa pamoja na mashirikisho ya madaktari wa uzazi na wakunga. Una mapendekezo zaidi ya 50, na kila moja limezungukwa na kurasa za ushahidi. Kinachotakiwa ni karatasi moja, upande mmoja, ibandikwe juu ya meza ya manesi wodi ya wazazi. Naomba izingatiwe kwamba hii ni wodi na si chumba cha kujifungulia. Akina mama wanafika kwetu saa mbili au tatu baada ya kuzaa, manesi usiku ni wawili, na hakuna anayeweza kufungua kitabu damu ikiwa inatiririka.

Rasimu yangu ya kwanza ni hii:

> KUTOKA DAMU BAADA YA KUJIFUNGUA
> Ni damu ml 500 au zaidi ndani ya saa 24.
> Kanda kizazi.
> Oksitosini uniti 10.
> Traneksamiki gramu 1 ndani ya saa 3.
> Dripu.
> Tafuta chanzo. Mwite daktari.

Nataka kujua nimekata kupita kiasi au bado ni ndefu.

Zamu_Ndefu

Mimi naona imekaa sawa kabisa. Mistari sita, nesi anasoma kwa pumzi moja. Bandika.

Mama Tathmini

Dada MkungaWaUsiku, usibandike kwanza. Nimefundisha wakunga kwa muda mrefu na nimeziona karatasi nyingi za namna hii. Urefu wake hauna tatizo. Tatizo liko kwenye mstari wa traneksamiki, na tuukague mstari huo peke yake kabla ya mingine.

Chukua akina mama wawili wa wodini kwako, vitanda vya jirani, wote wamejifungua saa 22:00. Wa kwanza alitoka damu kulekule chumba cha kujifungulia, akapewa traneksamiki gramu 1 saa 22:40, damu ikakata, akaletwa kwenu. Saa 04:00 damu inaanza upya. Wa pili hakutoka damu, alipata sindano ya kinga tu kama kila mama. Saa 04:00 hiyohiyo naye anaanza kutoka damu kwa mara ya kwanza.

Nesi wako anasoma "gramu 1 ndani ya saa 3". Anahesabu: saa sita zimepita kwa wote wawili. Anawanyima wote. Kwa mama wa pili yuko sahihi, kwa sababu dozi ya kwanza inatakiwa itolewe ndani ya saa 3 tangu mtoto azaliwe, na baada ya hapo mwongozo hauiungi mkono. Kwa mama wa kwanza amekosea. Yeye dozi ya kwanza alishaipata kwa wakati, na mwongozo unaruhusu dozi ya pili ya gramu 1 kama damu inaendelea dakika 30 baada ya dozi ya kwanza, au ikianza tena ndani ya saa 24 tangu dozi hiyo ikamilike. Saa 04:00 bado yumo ndani ya muda wake.

Kwa hiyo kuna saa mbili tofauti. Moja inahesabiwa tangu mtoto kuzaliwa, nyingine tangu dozi ya kwanza. Kwenye rasimu yako zimebanwa zikawa moja, na zaidi ya hapo mstari hausemi hizo saa 3 zinaanzia wapi. Wapo watakaohesabu tangu damu ianze. Huyo atampa dozi ya kwanza mama wa saa ya sita akiamini amewahi.

Zamu_Ndefu

Duh. Hapo nimekuelewa. Lakini ukianza kuongeza masharti kila mstari si tunarudi kwenye kitabu?

Mama Tathmini

Hapana, ndugu yangu. Kitabu kimejaa sababu za pendekezo: tafiti, majedwali, mjadala wa wataalamu, gharama. Hayo yote kata bila huruma, nesi hayahitaji saa kumi alfajiri. Sharti linaloamua nani apewe na nani asipewe ni sehemu ya dozi yenyewe. Ukiandika dozi, andika na sharti lake kwenye mstari huohuo. Kama nafasi haitoshi, toa mstari mwingine mzima.

Daftari Jeusi

Naomba niongeze njia rahisi ya kukata. Mwongozo wenyewe unaonyesha pendekezo lipi lina nguvu na lipi lina masharti. Chukua yenye nguvu tu, mengine acha. Hapo tayari umepunguza kwa kiasi kikubwa, na hakuna atakayekulaumu kwa sababu unafuata ushahidi bora.

Mama Tathmini

Kaka, wazo lako lina msingi, kwa sababu mapendekezo mengi yenye masharti ni ya daktari au ya chumba cha upasuaji, na nesi wa wodi hayamhusu. Hayo yatoke. Lakini nguvu ya pendekezo na ubora wa ushahidi ni vitu viwili. Angalia kukanda kizazi kwenye mwongozo wa 2012: kama matibabu kulipendekezwa kwa nguvu, na ushahidi wake ulitajwa kuwa dhaifu sana. Walipendekeza kwa nguvu kwa sababu hakuna gharama, kunaanza sekunde hiyohiyo, na madhara ni madogo. Ukichuja kwa ubora wa ushahidi ungekifuta kitendo cha kwanza kabisa cha nesi.

Kuna mtego mwingine hapohapo. Kukanda kizazi mfululizo kwa mama ambaye hatoki damu na ameshapata oksitosini ya kinga hakupendekezwi kama desturi. Kinachotakiwa kwa kila mama ni kupapasa tumbo kuona kama kizazi kimekaza. Yaani kitendo kimoja kinapendekezwa kwenye matibabu na hakipendekezwi kwenye kinga. Anayefupisha akichanganya sura ya kinga na sura ya matibabu, karatasi itamwambia nesi akande kila mama kila baada ya dakika kadhaa. Ndiyo maana nashauri karatasi hii iwe ya matibabu tu. Kinga ikae kwingine.

Baba Mapacha

Samahani, naona mnaongelea maelezo ya mama anaporuhusiwa kwenda nyumbani? Mke wangu alipewa karatasi yenye maandishi madogo mno, hatukujua damu kiasi gani ni ya kawaida na ipi ya kurudi nayo hospitali. Mkiandika tumieni lugha nyepesi tafadhali.

MkungaWaUsiku

Asante Baba Mapacha. Hii ni ya manesi, ila ulichosema kuhusu "kiasi gani" kinanigusa hata mimi. Nimeandika ml 500, na wodini hatuna cha kupimia. Mwongozo unasisitiza ule mfuko wenye alama unaowekwa chini ya mama. Ule unatumika chumba cha kujifungulia. Mama akifika kwetu yuko kwenye pedi na shuka. Nesi atajuaje kuwa zimefika 500?

Kipimo Sahihi

Mpime pedi. Mizani ndogo ya jikoni inatosha. Gramu 1 ya uzito ulioongezeka ichukuliwe kama ml 1 ya damu. Sisi tumeandika uzito wa pedi kavu kwa kalamu ya wino mzito kwenye mizani yenyewe. Mfano pedi kavu ni gramu 30. Mama ametumia tatu, zimewekwa kwenye mfuko mmoja, zote zina gramu 410 ukishatoa uzito wa mfuko. Ondoa 90. Amepoteza kama ml 320.

Na hapo ndipo mstari wako wa "500" unapoangusha watu. Toleo la 2025 halisubiri 500 kwa kila mama. Kwa aliyejifungua kwa njia ya kawaida, damu iliyopimwa ikifika ml 300 na kuna dalili yoyote mbaya, matibabu yanaanza. Dalili ni mapigo ya moyo zaidi ya 100, presha ya juu chini ya 100, ya chini chini ya 60, au uwiano wa mapigo na presha ya juu kuzidi 1. Kama 500 imefika kwanza, unaanza hata bila dalili.

Huyo mama wa 320 tuseme mapigo 112, presha 104 kwa 66. Kwa rasimu yako nesi anarudi kukaa, anasubiri 500. Kwa mwongozo anatakiwa awe ameshaita msaada.

Daftari Jeusi

Uwiano? Usiku nani atagawanya 112 kwa 104?

Kipimo Sahihi

Hakuna wa kugawanya. Andika: "mapigo yamezidi namba ya juu ya presha". Ni hesabu ileile, nesi analinganisha namba mbili tu kwenye chati.

Mama Tathmini

Hiyo naichukua hata mimi. Hapo mmepunguza maneno na maana imebaki nzima.

Duka la Dawa

Mfamasia hapa. "Oksitosini uniti 10" haijakamilika. Kila mama alishapata uniti 10 za kinga mtoto alipozaliwa. Nesi akiona "uniti 10" atasema "ameshapata" na kuruka mstari. Iandikwe wazi kuwa ni za matibabu, hata kama za kinga alipewa. Pia inapita njia gani? Mpango uliotumika kwenye utafiti wa E-MOTIVE ulikuwa uniti 10 kwenye mshipa, ama kwa sindano ama kwenye dripu ya ml 200 hadi 500 ndani ya dakika 10, kisha uniti 20 kwenye ml 1000 kwa saa 4 kuendeleza. Kwa wodi yenye manesi wawili ningechagua dripu, kwa sababu oksitosini ikisukumwa kwa kasi kwenye mshipa inashusha presha, na mama huyu presha yake haina pa kushukia. Ila chagueni njia moja. Karatasi ikisema "au" mara tatu, watu wanasimama kujadiliana kitandani.

Traneksamiki pia. Ampuli za kawaida ni miligramu 500 kwenye ml 5. Gramu 1 ni ampuli mbili, ml 10, polepole kwa dakika 10, yaani ml 1 kila dakika. Kasi hiyo iandikwe, nayo ikienda haraka inashusha presha.

MkungaWaUsiku

Niandike "ampuli 2" au "gramu 1"? Usiku mtu anashika ampuli, hashiki gramu.

Duka la Dawa

Mimi napinga ampuli peke yake. Oksitosini inakuja ampuli za uniti 5 na za uniti 10. Siku bohari ikileta aina nyingine, karatasi yako itakuwa inaagiza nusu dozi au dozi mara mbili, na hakuna atakayekumbuka kuibadilisha.

Kipimo Sahihi

Na mimi napinga uniti peke yake. Mtu aliyechoka akilazimika kuhesabu, atakosea. Andikeni vyote, na aliyepokea dawa awe na wajibu wa kuangalia karatasi.

Duka la Dawa

Wajibu wa nani? Ndiyo swali langu siku zote. Wodini kwenu yupo anayefanya hivyo? Kama hayupo, baki na uniti.

Na jambo lingine, halihitaji nafasi kwenye karatasi: traneksamiki isiwekwe kabati moja na bupivakaini. Kuna ampuli zinazofanana, na Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari 2022 kwa sababu traneksamiki ilikuwa ikidungwa kwenye uti wa mgongo kimakosa, na matokeo yake ni mabaya sana. Hilo ni kosa la rafu, lirekebishwe kwenye rafu. Kila onyo unaloliandika ukutani linachukua nafasi ya kitendo.

Sista wa Wodi ya Wanaume

Nimewasoma kimya. Niwape yaliyotupata upande wetu. Mahali nilipokuwa zamani waliweka karatasi ya maambukizi makali ya damu. Mtu aliyeiandika alikuwa makini, kila sura ya mwongozo aliipa sentensi. Ikawa karatasi moja kweli, herufi za kuchungulia, rangi nne. Ikadurufiwa kwa mashine ya nyeusi na nyeupe, kisanduku chekundu cha hatari na cha kijani cha usalama vikawa kijivu vyote. Ilikaa ukutani na sikumwona mtu akiisoma. Kwenu huko nauliza: mama akitoka damu, nesi wa pili anafanya nini? Maana rasimu inaongea na mtu mmoja anayefanya yote kwa zamu, na "mwite daktari" iko chini kabisa.

Mama Tathmini

Sista umegusa kitu kikubwa. Mwongozo unavipanga vitendo kama kifungu kimoja: kukanda, oksitosini, traneksamiki, dripu, uchunguzi, vyote vikianza kwa pamoja bila kusubiri kimoja kishindwe. Ukiviandika kwenye orodha, msomaji anaona ngazi. Atakanda kwanza, aone kama inasaidia, kisha aende kwenye dawa. Na faida ya traneksamiki inapungua kadiri ya asilimia 10 kwa kila dakika 15 za kuchelewa. Gawanya karatasi kwa watu: nesi wa kwanza na nesi wa pili.

MkungaWaUsiku

Nimekaa nayo. Toleo la pili hili hapa. Oksitosini nimechagua dripu baada ya kukubaliana na daktari wetu na mfamasia wetu.

> MAMA ANATOKA DAMU: MATIBABU (SI KINGA)
>
> ANZA kama damu iliyopimwa ni ml 500, AU ni ml 300 na moja ya haya: mapigo zaidi ya 100, mapigo yamezidi namba ya juu ya presha, presha ya juu chini ya 100, presha ya chini chini ya 60.
> Huwezi kupima na unaona damu ni nyingi: ANZA.
>
> PIGA KELELE YA MSAADA. Mpigie daktari wa zamu SASA: namba ______
>
> NESI 1, usiondoke kwa mama: kanda kizazi hadi kikaze. Toa mkojo. Toa mabonge. Angalia michaniko na kama kondo lilitoka lote.
>
> NESI 2, dawa: weka mshipa. Oksitosini uniti 10 kwenye dripu ya ml 500, iishe kwa dakika 10, HATA KAMA alipata sindano ya kinga. Kisha uniti 20 kwenye ml 1000 kwa saa 4.
>
> TRANEKSAMIKI gramu 1, ml 10, kwa dakika 10 kwenye mshipa:
> Hajawahi kupata: mpe kama hazijapita saa 3 TANGU MTOTO AZALIWE. Zimepita, usimpe, endelea na mengine.
> Alishapata dozi moja: mpe ya pili kama damu haijakata baada ya dakika 30, au imeanza tena ndani ya saa 24 TANGU DOZI HIYO.
>
> Mtoto alizaliwa saa ____ Dozi ya kwanza saa ____ (angalia chati, andika kwa saa 24)

Chini kuna jina la mwongozo, tarehe ya kupitiwa, na saini ya mkuu wa wodi.

Mama Tathmini

Sasa imekuwa ya wodi. Hiyo mistari miwili ya saa ni mizuri, na kuandika kwa saa 24 ni sawa, maana "saa nne" kwenye chati inaweza kuwa ya usiku au ya asubuhi. Ila wataandikaje kwenye karatasi ya ukutani? Hizo nafasi ziwe kwenye fomu ya kupokelea mama anapotoka chumba cha kujifungulia, na ukutani uache maneno "angalia kwenye fomu saa ya kuzaliwa mtoto na saa ya dozi ya kwanza". La sivyo nesi wa 04:00 atapekua faili zima kutafuta kama dozi ya kwanza ilitolewa.

Kabla ya kubandika, mpe nesi ambaye hajawahi kuiona, mwisho wa zamu. Msomee mama wa kwanza na mama wa pili niliowaeleza juu, bila kumsaidia. Usimuulize kama anaielewa, kila mtu atasema ndiyo. Tazama kidole chake kinaenda mstari gani.

MkungaWaUsiku

Nimefanya kwa manesi watatu. Mama wa pili wote walipatia. Mama wa kwanza mmoja alisita, alisoma "zimepita, usimpe" akasimama hapo bila kufika mstari wa chini. Nimeigeuza: "alishapata dozi moja" imekwenda juu, na nimeweka mstari mnene katikati. Nikamjaribu nesi mwingine, akaenda moja kwa moja. Nafasi za saa nimezihamishia kwenye fomu kama ulivyosema.

Zamu_Ndefu

Swali moja. Mama aliyefanyiwa upasuaji je? Kipimo Sahihi umesema ile 300 ni ya aliyejifungua kwa njia ya kawaida. Kwetu nusu ya wodi ni wa upasuaji, na damu ya chumba cha upasuaji mara nyingi inakuja imekadiriwa kwa macho.

Kipimo Sahihi

Ndiyo, kigezo cha 300 ni cha njia ya kawaida. Mimi kwa mama wa upasuaji ningefuata dalili: mapigo na presha vikibadilika, ita daktari bila kusubiri namba, hata kama pedi ni kavu, kwa sababu damu inaweza kuwa inavujia ndani ya tumbo na pedi haitasema kitu.

Daftari Jeusi

Basi itolewe karatasi ya pili ya wa upasuaji.

Sista wa Wodi ya Wanaume

Karatasi mbili ukuta mmoja, nesi mmoja amechoka. Atasoma ya karibu.

MkungaWaUsiku

Hapo ndipo nilipokwama, wakuu. Kwa sasa nimeongeza maneno haya chini ya ANZA: "Mama wa upasuaji: dalili yoyote hapo juu, mwite daktari hata kama pedi ni kavu." Daktari bingwa wetu ameniomba nisiipeleke kudurufiwa mpaka aipitie. Aliye na wodi iliyochanganya akina mama wa aina zote mbili, naomba anionyeshe ameiandikaje.